Makaa, gesi au stima: hoteli yako inapika na nini kwa bei nafuu?

Ukiuliza wenye hoteli kumi wanatumia pesa ngapi kwa moto kila siku, wengi watakuambia bei ya gunia au bei ya mtungi. Hiyo ni bei ya kununua. Bei ya kupika ni kitu kingine, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea bila mtu kujua.

Katika makala haya tunachukua hoteli moja ndogo ya mfano tupige hesabu yake pamoja, chakula kwa chakula. Bei tulizotumia ni za mfano pia. Weka zako mahali pake, hesabu itabaki ile ile.

Hoteli yetu ya mfano

Tuseme hoteli iko Nakuru, karibu na stendi ya matatu. Inafungua saa kumi na mbili asubuhi na kufunga saa kumi jioni, siku 26 kwa mwezi. Kila siku inapika lita 20 za chai, chapati 60, kilo 4 za maharagwe, halafu saa ya lunchi inapika ugali, sukuma na nyama kulingana na oda. Vyote vinapikwa kwa majiko ya kawaida ya bati, na makaa yanayotumika ni kama kilo 8 kwa siku:

- Maharagwe: kilo 2.5
- Chai: kilo 1
- Chapati: kilo 1.5
- Lunchi: kilo 3

Gunia la makaa ni shilingi 2,800. Mwenye hoteli amelipima, akaondoa chenga na vumbi la chini, akabaki na kilo 40 zinazowaka. Kwa hivyo kilo moja ni shilingi 70, na siku moja ya kupika ni shilingi 560. Kwa mwezi ni shilingi 14,560. Hiyo ni pesa inayokaribia kodi ya nyumba ya biashara katika mitaa mingi, na inatoka polepole kila asubuhi, ndiyo maana haionekani.

Zingatia hilo jambo la kupima. Gunia halina kilo maalum. Gunia mbili za bei moja zinaweza kupishana kilo nyingi, na lile lililojaa chenga linakula pesa yako hata kama juu limepangwa vizuri. Usipopima huwezi kujua unalipa ngapi kwa kilo.

Kwa nini bei ya kilo inadanganya

Tuseme mtungi wa gesi wa kilo 13 unajazwa kwa shilingi 3,250, yaani shilingi 250 kwa kilo. Stima ni shilingi 28 kwa uniti. Ukiangalia hivyo, makaa ya shilingi 70 yanaonekana rahisi kabisa kuliko gesi ya 250.

Lakini kilo ya gesi ina joto nyingi kuliko kilo ya makaa. Kilo moja ya makaa mazuri ina joto karibu sawa na uniti 8 za stima. Kilo moja ya gesi ina karibu uniti 13. Hata hapo makaa bado yako mbele: joto la uniti moja linakuja kwa kama shilingi 9 ukitumia makaa, 19 ukitumia gesi, na 28 ukitumia stima.

Swali sasa ni hili: joto ngapi linaingia ndani ya sufuria? Jiko la bati la kawaida hupeleka kwenye sufuria kama sehemu moja kwa tano ya joto la makaa. Lingine lote linapasha ukuta, hewa na miguu ya mpishi. Jiko lenye kauri ndani hupeleka karibu asilimia 30. Jiko la gesi hupeleka kama nusu. Jiko la stima la kawaida, lile la koili au sahani ya chuma, hupeleka karibu asilimia 70.

Ukigawanya tena kwa joto linalofika kwenye chakula, picha inabadilika. Uniti moja ya joto ndani ya sufuria inakugharimu karibu shilingi 44 kwa jiko la bati, 29 kwa jiko la kauri, 38 kwa gesi, na 40 kwa jiko la stima la kawaida.

Kwa hivyo hakuna mshindi wa kila kitu. Makaa kwenye jiko bovu ndiyo ghali kuliko zote. Makaa hayo hayo kwenye jiko zuri yanaweza kushinda gesi, mradi jiko liwe na sufuria juu yake muda wote linapowaka. Na hiyo "mradi" ndiyo inatupeleka kwenye vyakula vyenyewe.

Lunchi: hapa gesi inashinda

Kati ya saa tano na saa tisa, jiko la makaa haliwezi kuzimwa. Mteja akija saa saba na nusu anataka ugali wa moto, na huwezi kuanza kuwasha makaa akiwa ameketi. Kwa hivyo jiko linawaka masaa manne, lakini ukihesabu dakika ambazo sufuria ilikuwa juu inapikwa kitu, huenda ni nusu ya muda huo au chini. Kilo 3 za makaa zimeisha, shilingi 210.

Gesi unafungua oda ikija na kufunga chakula kikiiva. Kazi hiyo hiyo inachukua kama nusu kilo ya gesi, shilingi 125. Umeokoa shilingi 85 kwa siku. Kilichosaidia zaidi hapa ni kifundo cha kuzima.

Lakini faida hiyo inapotea mpishi akizoea kuacha moto mdogo "ukingoja wateja". Moto ukiachwa hivyo, gesi imegeuzwa kuwa makaa ya bei kubwa. Alama nyingine ya kuangalia ni rangi ya moto. Moto wa bluu ni sawa. Ukiona wa manjano na sufuria zinatoka nyeusi chini, gesi haipati hewa ya kutosha au matundu ya jiko yameziba. Safisha jiko kabla ya kulaumu aliyejaza mtungi.

Maharagwe: hapa stima inashinda

Watu wengi wanashangaa hapa, kwa sababu tumezoea kwamba stima ni ghali na maharagwe yanataka makaa. Kwa jiko la stima la kawaida ni kweli, hesabu haitakusaidia. Tunachosema sisi ni presha kuka ya stima, ile sufuria yenye kifuniko kinachofungwa kabisa na kujizima yenyewe.

Maharagwe hayahitaji moto mkali. Yanahitaji kukaa kwenye joto kwa muda mrefu. Kwenye sufuria ya kawaida moto wako mwingi unatoka na mvuke, halafu unaongeza maji, halafu unachemsha tena. Pia Nakuru iko juu, kama mita 1,850 kutoka usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi kama 94 badala ya 100. Hata ukiongeza makaa, maji hayapiti hapo. Ndiyo maana maharagwe ya Nakuru huchelewa kuiva kuliko ya Mombasa. Presha kuka hufunga mvuke ndani, joto linapita nyuzi 100, na ukuta wake unazuia joto lisitoke. Ikishapanda presha inakula stima kidogo sana.

Presha kuka ya lita 6 inapika kilo moja ya maharagwe kwa mkupuo, ikitumia kama uniti 0.65. Usijaze zaidi ya nusu, kwa sababu maharagwe huvimba na povu lake linaweza kuziba tundu la mvuke. Ukiyaloweka usiku, mkupuo mmoja pamoja na kupanda na kushuka presha ni kama saa moja. Ukianza saa kumi na mbili asubuhi, mikupuo minne imeisha saa nne, mapema kabla ya lunchi.

Mikupuo minne ni uniti 2.6, karibu shilingi 73. Makaa ya kazi hiyo yalikuwa shilingi 175. Gesi ingetumia kama nusu kilo, shilingi 125. Kwa hivyo stima, ile tunayoiogopa, ndiyo rahisi kuliko zote kwa maharagwe, na vilevile kwa githeri na matumbo.

Je, unajua unalipa ngapi kwa uniti? Angalia meseji ya tokeni yako:

```
Units:35.71
Amt:1000.00
```

Gawanya `Amt` kwa `Units`. Hapa ni 1,000 kwa 35.71, yaani shilingi 28. Usitumie ile `TknAmt`, kwa sababu hiyo ni kabla ya kodi na ada zingine, na itakuonyesha stima rahisi kuliko ilivyo. Rudia hesabu hii kila mwezi. Matumizi yakipanda unaweza kuhamishiwa kiwango cha juu zaidi, na ada zingine hubadilika mwezi hadi mwezi.

Chapati: makaa yabaki, badilisha jiko

Chapati 60 kwa gesi zinachukua kama kilo 0.4, shilingi 100. Kwa jiko la bati ni kilo 1.5 za makaa, shilingi 105. Tofauti ni shilingi tano tu, haifai kugombana na mpishi wako juu yake.

Lakini chapati ni kazi inayofaa makaa vizuri. Kikaango hakitoki jikoni, kinatoka chapati hii kinaingia nyingine, kwa hivyo hakuna joto la bure. Moto wa makaa pia unasambaa chini ya kikaango chote. Weka jiko lenye kauri, na kilo 1.5 inashuka hadi kama 1.1, yaani shilingi 77. Zikiisha chapati, makaa yaliyobaki yanaweka mchuzi joto hadi lunchi bila kufungua gesi.

Jiko hilo la makaa liwe nje au mahali hewa inapita. Makaa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mpishi akianza kuumwa na kichwa kila siku akiwa jikoni, usimpe dawa tu, fungua dirisha na utoe jiko.

Chai: lipa shilingi tano zaidi

Lita 20 za chai kwa makaa ni shilingi 70. Kwa gesi ni kama kilo 0.3, shilingi 75. Kwa hesabu tupu makaa yanashinda.

Sisi bado tungetumia gesi. Makaa yanataka kuwashwa na kupepewa nusu saa kabla ya kubandika sufuria. Watu wa bodaboda na makanga wanataka chai saa kumi na mbili, si saa kumi na mbili na nusu. Ukiuza vikombe vichache zaidi kila asubuhi, shilingi tano imerudi mara nyingi. Bei nafuu ni nzuri, lakini moto unaokufungulia mlango mapema una thamani yake.

Jumla yake

Hii ndiyo siku ya hoteli yetu baada ya kupanga upya:

- Maharagwe kwa presha kuka ya stima: shilingi 73
- Chai na lunchi kwa gesi, kilo 0.8: shilingi 200
- Chapati kwa jiko la kauri: shilingi 77

Jumla ni shilingi 350 badala ya 560. Umeokoa shilingi 210 kwa siku, yaani 5,460 kwa mwezi. Na ukifanya kila kitu kwa gesi pekee, ungetumia shilingi 425. Kwa hivyo kuhamia gesi kabisa ni bora kuliko makaa matupu, lakini mchanganyiko unaishinda. Tena stima ikipotea au gesi ikiisha katikati ya lunchi, una moto mwingine tayari, hufungi hoteli.

Usinunue vifaa vyote siku moja

Jiko la kauri la shilingi 1,500 linaokoa shilingi 28 kwa siku. Linajilipa kwa kama miezi miwili. Anza na hilo.

Presha kuka ya shilingi 12,000 inaokoa shilingi 102 kwa siku, ukilinganisha na makaa. Inajilipa kwa kama miezi minne na nusu. Ifuate ya pili. Ikiletwa, ipe soketi yake ya ukutani, usiichomeke kwenye ekstensheni moja na friji. Mpira wa kifuniko huchakaa; ukiona mvuke unatoka pembeni na presha haipandi, badilisha mpira kwanza kabla ya kufikiri sufuria imekufa.

Mtungi na jiko la gesi la nguvu, tuseme shilingi 12,000 pia, vinaokoa shilingi 80 kwa siku. Vinajilipa kwa karibu miezi sita. Siku ya kununua na kila siku ya kujaza, omba mtungi uwekwe kwenye mizani. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye chuma chake. Uzito wote ukitoa huo lazima ubaki kilo 13. Ukibaki na kilo 11, umelipa karibu shilingi 295 kwa kilo, na hesabu yote tuliyofanya hapa juu imeharibika.

Shida yenyewe ni pesa ya mkupuo

Tukiwa wakweli, wengi wanajua gunia ni rahisi kuliko mkebe. Wananunua mkebe kwa sababu leo wana shilingi mia, hawana elfu mbili mia nane. Mkebe wa shilingi 100 wenye kilo moja unamaanisha kilo 8 ni shilingi 800 kwa siku, si 560. Hapo ndipo biashara inaumia kuliko mahali pengine pote.

Gesi ina shida hiyo hiyo. Kwa kilo 0.8 kwa siku, mtungi wa kilo 13 unaisha siku ya 16, na siku hiyo unatakiwa uwe na shilingi 3,250. Dawa yake ni kuweka shilingi 200 kila jioni baada ya kufunga, kwenye akaunti ya akiba ya simu yako, mbali na pesa ya mauzo. Siku ya 16 utakuwa na 3,200, karibu mtungi mzima. Kwa makaa weka 80 kila jioni. Gunia moja sasa litakufikisha kama siku 36, na wakati huo utakuwa na 2,880.

Na lipia gesi, makaa na tokeni kwa simu, hata kama muuzaji anapokea keshi. Mwisho wa mwezi fungua taarifa ya miamala yako, jumlisha hizo tatu, gawanya kwa siku ulizofungua. Hiyo ndiyo bei yako halisi ya moto kwa siku, na hakuna haja ya kukumbuka kwa kichwa.

Jaribu siku tatu kabla ya kuamua

Chukua mizani. Asubuhi pima makaa unayoweka kando kwa kila chakula, jioni pima yaliyobaki. Ukiwa na gesi, pima mtungi kabla na baada ya kupika chakula kimoja. Fanya hivyo siku tatu za kawaida, si siku ya soko wala siku ya mvua.

Halafu angalia bei ya makaa ya kwako. Kwa hoteli yetu ya mfano, lunchi ya gesi inaacha kuokoa pesa makaa yakishuka hadi kama shilingi 42 kwa kilo. Maharagwe ya presha kuka yanaacha kuokoa yakishuka hadi kama shilingi 29. Kama uko karibu na wanaochoma makaa na unapata bei kama hizo, baki na makaa kwa lunchi na ununue tu jiko la kauri. Kama uko mjini na unalipa 70 au 100, presha kuka yako ya kwanza inaweza kuwa imejilipa kabla ya Krismasi ijayo.